Bati la inchi 10 halitaki mayai 5

Keki yangu ya kwanza ya inchi 10 niliioka kwa ajili ya harusi kijijini Shela, Lamu, nikaipeleka kwa mashua asubuhi, na ilifika imelala. Nilikuwa na kipimo changu cha siku zote cha bati la inchi 8: siagi gramu 250, sukari gramu 250, unga wa ngano gramu 250, mayai 4, beking pauda vijiko 2 vya chai, na hiliki. Nikapiga hesabu kuwa kutoka 8 kwenda 10 ni nyongeza ya robo, basi nikaongeza yai 1 na kila kitu robo yake. Kisha, kwa kuwa bati ni kubwa, nikaona lazima likae motoni zaidi. Badala ya dakika 50 nikaliacha saa nzima na robo.

Shangazi wa bwana harusi alinipokea gatini, akafunua kifuniko, akanyamaza kidogo. "Mwanangu," akasema, "mbona imelala hivi?" Nikamwambia, "Niwie radhi, shangazi." Ilipokatwa ikawa mbaya zaidi, maana ukingoni kisu kilikuwa kikipita makombo yanaruka.

Siku ile niliudhika sana, na tangu hapo kila anayeniuliza habari za kubadili bati humwambia jambo hili kwanza: upana wa bati si kipimo cha rojo. Kipimo ni eneo la duara lote, na duara hukua haraka kuliko jicho linavyodhani.

Ukitaka kuliona, kata karatasi ya kuokea ya bati la inchi 8 uilaze katikati ya karatasi ya inchi 10. Utaona pete nyembamba imebaki pembeni, upana wake inchi 1 tu pande zote, kama kiungo kimoja cha kidole gumba. Jicho litakwambia hicho ni kidogo. Sasa ikate ile pete vipande vipande, uvipange juu ya karatasi ndogo. Vitafunika zaidi ya nusu yake. Hesabu inasema hivyo hivyo: 8 mara 8 ni 64, na 10 mara 10 ni 100, na 100 ukiigawa kwa 64 unapata 1.56. Bati langu lilidai nyongeza ya nusu na kidogo juu, nami nikalipa robo. Ndiyo maana rojo lilitandazika likawa jembamba.

Hesabu hiyo ya desimali, hata hivyo, haifai jikoni, kwa sababu huwezi kuvunja yai 6.25. Mimi naona ni bora kuhesabu bati kwa mayai, kisha vitu vingine vifuate yai. Kwa kipimo changu, kila yai 1 huja na gramu 62 hivi za unga, 62 za siagi na 62 za sukari, na nusu kijiko cha beking pauda. Basi bati la inchi 8 ni mayai 4. La inchi 9 ni mayai 5. La inchi 10 ni mayai 6, na la inchi 12 ni mayai 9. Ukirudi chini, la inchi 7 ni mayai 3, na la inchi 6 ni mayai 2 na kipande, ambacho mimi hukiacha. Tazama jinsi inchi 9 inavyochukua mayai 5, yale yale niliyoyatia kwenye inchi 10. Kama mayai yako ni ya kienyeji na madogo, yapime: manne makubwa na maganda yake hukaribia gramu 240, na yako yakipungua sana, ongeza moja.

Kosa langu la pili ndilo watu wengi bado wanalifanya, na ndilo linaloharibu keki nyingi zaidi. Tunadhani bati kubwa maana yake ni muda mrefu. Muda hufuata kina cha rojo kwanza, upana baadaye. Joto linaingia kwa chini, kwa juu na kwa ubavuni, na rojo likiwa jembamba moto hufika katikati upesi hata bati liwe pana namna gani. Rojo langu la mayai 5 lilikuwa limepungua kina kwa sehemu moja ya tano. Lilitakiwa kutazamwa mapema, si kucheleweshwa.

Kwa hiyo kabla hujatia bati ndani ya oveni, chomeka kijiti cha mshikaki katikati ya rojo, kichomoe, uone limefika wapi. Langu la inchi 8 hufika sentimita 3 na nusu. Kama bati kubwa nalo linaonyesha sentimita 3 na nusu, muda utaongezeka kidogo tu, kwa kuwa katikati iko mbali na ubavu na joto la pale pembeni haliifikii mapema. Mimi huteremsha oveni kutoka nyuzi 170 hadi 160, na keki ya mayai 6 huiva kwenye dakika 65 hivi. Naanza kuitazama dakika ya 55. Nisipoteremsha moto, ukingo hukauka na uso hupasuka wakati katikati bado ni uji. Oveni ikiwa kali hata hivyo, zungushia bati kitambaa cha pamba kilicholowa na kukamuliwa, ubavu usitangulie.

Kama kijiti kinaonyesha sentimita 2 na robo tu, mfano umemimina rojo la mayai 4 ndani ya inchi 10, acha moto ule ule wa 170 na uanze kutazama dakika ya 30. Na kama kina kimepita theluthi mbili za kimo cha bati, usilipeleke motoni. Punguza, kilichozidi kitie kwenye vikombe vya karatasi. Rojo lililojaa hupanda, hufurika, kisha hubonyea katikati, na hakuna dakika zitakazoliokoa.

Keki yenyewe ikiiva husema: inaachana na bati ukingoni kwa unyuzi mwembamba, ukiibonyeza katikati inarudi, na kijiti kinatoka kikavu. Ukingo peke yake usikudanganye, hasa kwenye bati la inchi 12. Chomeka katikati kabisa.

Wanaooka kwa sufuria na kupalia makaa juu ya mfuniko, kama mama zetu walivyopika mkate wa mayai, hawana inchi za kuhesabu, na sufuria nyingi zimepanuka juu. Hapo pima kwa maji. Bati la inchi 8 lenye kimo cha inchi 3 linachukua lita 2 na nusu kasoro kidogo hadi mdomoni, na hilo ndilo la mayai 4. Kila yai basi lina nafasi ya mililita 600 na kitu. Sufuria ikichukua lita 3 na kidogo, hiyo ni mayai 5. Bati lenye sehemu ya chini inayotoka litavuja, kwa hiyo hilo lipime kwa utepe wa fundi cherehani, kwa ndani, kutoka ukuta hadi ukuta, maana namba iliyogongwa chini mara nyingine imehesabu na mdomo uliokunjwa nje.

Mabati yangu yote sasa nimeyaandika mgongoni kwa kalamu ya wino mzito: 2, 4, 6, 9. Lile la Shela lina 6.