Lile Letu La

Nilimwalika binti mmoja anayefanya kazi ghorofa ya pili, jengo letu hilohilo la Kariakoo, twende Koko Bichi Jumamosi tukale mihogo. Akajibu: "Jumamosi nina kitchen pati kaka yangu, labda siku nyingine."

Nikampelekea binamu yangu ujumbe huo ausome. Huyu ana duka la vipodozi Tabata na amesikiliza mapenzi ya mtaa mzima kupitia dirisha la duka hilo. Akasema sababu ipo, hiyo nzuri. Siku hajataja, hiyo mbaya. Mtu anayetaka kuja akikosa Jumamosi anakuuliza Jumapili vipi. Anayekukwepa hakupi sababu wala siku. Huyu wako yuko katikati, kwa hiyo unaruhusiwa kukumbushia mara moja, wiki ijayo, halafu unanyamaza.

Kuhusu "kaka yangu" alikataa kutoa maoni.

Masharti yake: mwaliko wa pili uwe mdogo kuliko wa kwanza. Koko Bichi ni mbali, lazima mtu avae, aage nyumbani, afikirie usafiri wa kurudi. Tafuta kitu cha nusu saa hapohapo kazini. Taja siku. Iwe ni kitu ambacho ungekifanya hata peke yako, asijione amekuharibia siku. Umwachie na mlango wa kutokea. Na marufuku kuuliza "mbona kimya".

Nikatunga kichwani: "Mambo, habari za tangu juzi. Nakumbushia tu lile letu la mihogo, ila tulipunguze. Alhamisi nikitoka kazini nitapita kunywa juisi ya miwa hapo kona. Ukipata nafasi karibu, usipopata hamna neno." Binamu akapitisha, ingawa kwenye "nakumbushia" alikunja uso kidogo.

Wiki iliyofuata, asubuhi, nikawa naandika ndani ya daladala, nimesimama, mkono mmoja kwenye bomba, kidole gumba cha mkono wa pili kinafanya kazi yote. Karibu na Buguruni bodaboda akakatiza mbele, dereva akafunga breki, abiria wote tukahamia kwa dereva. Nilipopata tena miguu yangu, ujumbe ulikuwa umeshakwenda:

"Mambo, habari za tangu juzi. Nakumbushia tu lile letu la"

Tiki mbili.

Usiogope, nikajiambia, Wasap inakupa dakika 15 za kurekebisha ulichotuma. Nikabonyeza, nikaandika vizuri hadi mwisho, nikathibitisha. Kimya. Ikaingia meseji ya kampuni ya simu: bando langu limekwisha. Kununua jingine ni kupita menyu ndefu na kuweka namba ya siri, na kwa mkono mmoja huku mama wa nyuma akisoma skrini yangu pamoja nami, sikuthubutu. Foleni nayo ikagoma. Dakika 15 zikaishia kabla hatujafika Ilala.

Nikiwa bado nimening'inia pale, simu ikalia. Meseji ya kawaida, haihitaji bando: nimepokea Tsh 4,000. Jina la aliyetuma ni lake.

Hapo ndipo nilipokumbuka chipsi mayai. Zamani kidogo, muuzaji alikosa chenji ya noti yake nikamlipia 3,500, nami nikasahau kabisa. Yeye inaelekea alikuwa anaishi na deni hilo moyoni.

Nilishuka, nikanunua bando la buku kutoka kwenye hela hiyohiyo, nikafungua. Ujumbe wake ulikuwa unanisubiri: "Jamani samahani sana kaka yangu, nimeona aibu. Nimeweka na ya kutolea."

Nikampigia binamu. Akashikilia kwamba mara yangu moja nimeshaitumia, nusu au nzima haijalishi. Nikamwambia mimi sikumbushii tena, nimeandikiwa kitu najibu. Tulibishana hadi wateja wake wakaanza kunishauri kwa sauti. Mwishowe nikamwandikia binti ukweli wote: breki, bando, na kwamba neno lililokatika lilikuwa mihogo. Nikaweka na ile ya juisi kama ilivyokuwa, pamoja na "hamna neno" yake.

Akanitumia sauti. Sekunde za mwanzo ni kicheko kitupu, na nyuma yake wanawake wengine wa ghorofa ya pili wanaouliza "nini, nini?" Kisha: "Alhamisi sitoki mapema. Ijumaa je? Ila utalipa wewe, mimi nimeshalipa."

Siku kaitaja mwenyewe! Nikamrushia binamu sauti ile hapohapo.

Ijumaa alikuja, pamoja na wale wawili waliokuwa wanauliza "nini, nini?" Glasi ya miwa buku, tuko wanne. Elfu nne yake ingetosha kabisa, kama nisingekuwa nimeshainunulia bando.