Dada wa kazi akirudishwa kwao: nani anadaiwa nini

"Kaka, dada wangu wa kazi nimekaa naye miaka 3 na miezi 2. Analala kwangu, namlipa 80,000 kwa mwezi, mkataba hatukuandikiana. Mtoto ameanza shule, sina tena kazi ya kumpa. Nikimpa mshahara wake na nauli ya Makete, kuna kingine ninachodaiwa?"

Kipo, na kikubwa kuliko vyote ni kile ambacho mama aliyeniuliza hakukitaja: Jumapili.

Nianze na kinachohesabika upesi. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 haibagui nyumba ya Forest mjini Mbeya na kiwanda. Anayelipwa kwa mwezi hupewa notisi ya maandishi ya siku 28, yenye sababu na tarehe, au hulipwa fedha badala yake. Aliyetimiza mwaka na kuendelea, akaachishwa bila kosa lake, ana kiinua mgongo cha mshahara wa siku 7 kwa kila mwaka uliotimia, mwisho miaka 10. Kwa wiki ya siku 6, mshahara wa 80,000 ni kama 3,077 kwa siku, kwa hiyo miaka 3 inatoa 64,600 hivi. Ongeza likizo ambayo hakuichukua. Mtoto kuanza shule ni sababu halali, lakini binti amepita miezi 6 ya kazi, na aliyepita hapo haondolewi kwa kuambiwa tu "kesho funga mzigo". Anaelezwa mapema, anasikilizwa, mnajadiliana tarehe na malipo.

Nauli ina utata kidogo. Mwajiri anadaiwa kumrudisha mfanyakazi na mizigo yake mahali alipomchukulia, na kumpa fedha ya kujikimu kwa siku anazosubiri kusafirishwa. Kama mama huyu alimfuata Makete kwa wazazi wake, deni lipo. Kama binti alikuwa tayari kwa shangazi yake Mwanjelwa na ndiko walikopatana, mahali alipochukuliwa ni Mbeya, na nauli ya Makete inabaki kuwa utu tu. Mstari mmoja wa karatasi ungemaliza ubishi huo.

Sasa Jumapili. Nilimuuliza inakuwaje. "Anapumzika, anaenda kanisani." Anatoka saa 3, anarudi saa 7, anavua kitenge cha ibada na kuingia jikoni. Kabla ya kutoka ameshachemsha chai na kumwogesha mtoto. Jioni anapasi sare. Ukijumlisha, amefanya kazi saa 6. Mapumziko ya wiki kisheria ni saa 24 mfululizo, na akikubali kufanya kazi ndani ya saa hizo analipwa mara mbili ya kiwango cha saa. Mshahara wa 80,000 kwa saa 45 za wiki ni kama 410 kwa saa, mara mbili 820. Saa 6 ni 4,920 kila Jumapili, na Jumapili 52 zinafika karibu 256,000 kwa mwaka. Mwaka mmoja tu wa Jumapili umezidi mara tatu kiinua mgongo cha miaka yote 3.

Hapo ndipo waajiri wengi wanaponipinga, na hoja yao haifai kudharauliwa. Mwajiri wa dada wa kazi huku kwetu mara nyingi si tajiri. Ni mwalimu, muuguzi au muuza mitumba, naye anaishi kwa mshahara au kwa kilichouzwa leo. Binti anakula chungu kimoja na wenye nyumba, akiugua anapelekwa hospitali, sabuni na mafuta hanunui. Saa 45 za wiki utazipimaje kwa mtu anayelala chumba kimoja na mtoto? Akiangalia tamthilia huku mtoto amelala mapajani, hiyo ni kazi au mapumziko? Kwa kweli saa za nyumbani hazina king'ora, na anayedai kuzihesabu kwa usahihi hajawahi kulea.

Lakini hoja hiyo inakwama hapohapo inapoanzia. Kama saa hazipimiki, lililobaki ni kuandikiana, na sheria imempa mwajiri nafasi ambayo wengi hawaijui. Mapumziko ya kila siku ni saa 12 mfululizo. Kwa anayelala kazini yanaweza kushuka hadi saa 8, kwa makubaliano ya maandishi. Mapumziko ya wiki yanaweza kukusanywa, pia kwa maandishi, yakawa saa 60 mfululizo kila baada ya wiki mbili. Hiyo ni kutoka Ijumaa saa 12 jioni hadi Jumatatu saa 12 asubuhi. Binti wa Makete anafika kwao, anamwona mama yake, anarudi. Mwenye nyumba naye anabaki na Jumapili ya wiki nyingine bila deni. Bila karatasi, yote mawili hayapo.

Watu wanaiogopa karatasi wakidhani ndiyo itakayowapeleka kwenye kesi. Ni kinyume. Mwajiri anatakiwa kumpa mfanyakazi maelezo ya maandishi: kazi yenyewe, saa, mshahara, mahali alipochukuliwa, tarehe ya kuanza. Asiyeweza kuyasoma anaelezwa kwa namna atakayoelewa. Shauri likifika Tume ya Usuluhishi na Uamuzi na karatasi haipo, binti akidai walipatana 100,000, mzigo wa kuthibitisha au kukanusha unamwangukia mwenye nyumba. Hapo atahangaika kutafuta jumbe za simu za fedha alizokuwa akimtumia shangazi.

Nisiifanye sheria kuwa na mkono mrefu kuliko ulio nao. Anayepinga kuachishwa ana siku 30 tu kufika kwenye Tume, na madai mengine yana siku 60. Kwa hiyo zile Jumapili za miaka 3 nyingi zitagonga ukuta wa muda, na zitakazobaki zitabishaniwa saa kwa saa. Akishapanda gari kurudi kijijini, kila wito wa Tume mjini ni nauli na siku nzima ya safari. Ndiyo maana mengi huishia kwa mwenyekiti wa mtaa, ambako binti hupewa kinachomtosha kunyamaza. Kwa maoni yangu mama huyu alipe notisi, likizo na kiinua mgongo bila kubishana, na kuhusu Jumapili wakae wakubaliane kiasi kabla binti hajaondoka, waandike, wasaini wote wawili. Ampe na cheti cha utumishi, maana nacho ni haki yake.

Kuna njia ambayo nilihisi anaifikiria, kwa sababu aliniuliza kama anaweza kusubiri Desemba. Huku nyanda za juu ndiyo desturi: binti anapewa zawadi ya Krismasi, kilo mbili za sukari na kanga, anasindikizwa stendi kwa furaha. Januari anapigiwa simu: "Usirudi kwanza, nitakuita." Nguo zake nyingine zimebaki kwenye mfuko nyuma ya mlango. Sheria hairuhusu notisi itolewe mtu akiwa likizo, wala siku za notisi zisihesabiwe ndani ya likizo. Na "nitakuita" ina ubaya wake: binti anasubiri Februari, anasubiri Machi, na anapoelewa kwamba alishaachishwa, zile siku 30 huenda zilishapita.