Kodi ya awamu: ushike hesabu ya mwaka jana au ukadirie ya mwaka huu?

Ukishajiajiri hakuna mtu wa kukukata kodi kila mwezi, kwa hiyo sheria inataka ujikate mwenyewe, mara kadhaa ndani ya mwaka, kabla hata hujajua faida yako itakuwa ngapi. Hapo ndo shida inapoanzia. Unalipa kodi ya pesa ambayo nusu yake bado haijaingia, alafu ukikosea kwenda chini unapigwa penalti au riba.

Nchi nyingi zinaacha njia mbili za kupata hiyo hesabu. Kenya kwa mfano unachukua iliyo ndogo kati ya 110% ya kodi ya mwaka jana na kodi unayokadiria ya mwaka huu, unagawa mara nne, na kama mwaka wako wa hesabu unaisha Desemba basi unalipa kufikia tarehe 20 ya mwezi wa 4, wa 6, wa 9 na wa 12. Marekani ni wazo lilelile kwa namba tofauti, uwe umelipa 90% ya kodi ya mwaka huu au 100% ya mwaka jana, na wenye kipato kikubwa hiyo 100 inakuwa 110. Tanzania wao wanataka makadirio tangu mwanzo wa mwaka, unaruhusiwa kuyarekebisha njiani, ila yakiishia chini ya 80% ya kodi halisi riba inakufuata.

Wanaotetea hesabu ya mwaka jana wana hoja nzito, manake ile namba ipo tayari kwenye ritani yako, haibishaniwi na mtu. Tuseme mwaka jana kodi yako ilikuwa 200,000. Ukiongeza ile 10% unapata 220,000, kila awamu 55,000, basi, umemaliza kufikiria. Kazi ikichangamka na mwisho wa mwaka kodi halisi ikawa 360,000, hudaiwi penalti ya awamu hata moja, unabaki na 140,000 ya kumalizia baada ya mwaka kufungwa. Yaani miezi yote hiyo umekaa na pesa ambayo kimsingi ni ya serikali, bila riba. Mimi kwa mtu ambaye biashara yake inapanda sioni sababu ya kufanya kingine chochote.

Lakini hapohapo ndo watu wengi wanaumia, kwa sababu ile 140,000 ukiiacha kwenye akaunti ya kawaida unaiona kama faida, unanunua mashine, unalipa pango la nyumba, siku ya kumalizia deni inafika huna kitu. Sheria ya awamu imekulinda kabisa, ila ya kuchelewesha kumalizia haikulindi, na Kenya hiyo ni 5% ya deni papo hapo na 1% kila mwezi juu yake. Kwa hiyo anayechagua njia hii inabidi kila mwisho wa robo apige hesabu ya faida halisi hata kama haitumii kulipia, aone pengo ni kiasi gani, alihamishie sehemu ambayo kadi haifiki.

Sasa geuza. Mwaka jana ulikuwa na klaenti mkubwa, mwaka huu ameondoka, unaona kabisa kodi haitafika hata 120,000. Ukishika hesabu ya mwaka jana utalipa 220,000, yaani laki moja nzima umeikopesha serikali wakati wewe mwenyewe unahangaika, na kuirudisha si kitu cha siku mbili, mara nyingi utaambiwa ihesabiwe kwenye kodi ya mwaka ujao. Anayetetea makadirio anasema kwa haki kabisa, mbona nilipe kwa kipato ambacho sina? Analipa 30,000 kila awamu, maisha yanaenda.

Tatizo la makadirio linajitokeza mwezi wa kumi. Kazi moja kubwa inaingia, kodi halisi ya mwaka inaruka mpaka 190,000. Hiyo bado ni chini ya 220,000, kwa hiyo kipimo chako sasa ni hiyo 190,000 na kila awamu ilitakiwa kuwa 47,500. Tayari umelipa tatu za 30,000, kila moja imepungua 17,500, jumla 52,500. Wengi wanafikiri wakimwaga 100,000 yote iliyobaki kwenye awamu ya mwisho mambo yameisha. Hapana. Kwa mfumo unaohesabu kila awamu peke yake, kama wa Marekani, upungufu wa awamu ya kwanza unahesabiwa riba tangu tarehe yake mpaka siku ulipoufidia, kujazia mwishoni kunazuia tu usiendelee kukua. Kule wana dawa yake, fomu 2210 ina sehemu ya kuonyesha kipato kiliingia miezi gani, ukithibitisha kilikuja mwishoni zile awamu za mwanzo zinapunguzwa, ila bila vitabu vya mwezi kwa mwezi hiyo sehemu hujazi.

Kwa hiyo kwangu mimi makadirio ni ya mtu mwenye rekodi, si ya mtu mwenye matumaini. Kama unakadiria, andika hesabu yako kila awamu: kipato mpaka leo, matumizi mpaka leo, kazi zilizosainiwa ambazo hazijalipwa, na uifungue upya kabla ya kila tarehe. Ile kazi ya mwezi wa kumi kama ungeinusa mwezi wa tisa ukapandisha awamu ya tatu, pengo lingekuwa dogo sana.

Alafu kuna upande wa fomu ambao haujali umechagua njia gani. Kwanza toa kodi ambayo klaenti wameshakukata, ile ya zuio. Kama kodi yako ya mwaka ni 190,000 na klaenti wamekata 40,000, unayogawa ni 150,000, watu wanasahau hii wanalipa mara mbili. Ila usiitoe bila cheti mkononi, kuna klaenti anakata na hapeleki.

Pili ni aina ya malipo. Kwenye iTax, mfumo wa kodi wa mtandaoni wa Kenya, ukisajili malipo unachagua aina ya kodi, aina ya malipo na kipindi, na awamu ni tofauti na malipo ya kumalizia deni la ritani. Ukichagua ya kumalizia, pesa imefika serikalini vizuri tu lakini awamu yako inasomeka sifuri. Kipindi nacho kinawachanganya watu, hasa pale awamu ya mwisho inapoangukia mwaka mpya. Marekani ya nne ni tarehe 15 Januari na ni ya mwaka uliopita, mtu anachagua mwaka ulioanza juzi kwa mazoea, basi mwaka uliopita unaonekana umepungukiwa robo nzima.

Utajuaje? Usiridhike na risiti ya benki, hiyo inathibitisha pesa imetoka tu. Ingia kwenye leja ya akaunti yako ya kodi siku chache baada ya kulipa, uone pesa imekaa mwaka gani na chini ya aina gani ya malipo. Ikiwa imekosewa, omba ihamishwe kwa maandishi ukiambatisha risiti, na usisubiri mpaka ritani. Ukijaza ritani ya iTax pia, kila awamu inaingizwa na tarehe yake na namba yake ya malipo, ukiiacha wazi mfumo utakudai kodi yote kama hujawahi kulipa kitu.