Mgeni Hajui Neno "Mokowe"

Mwanagenzi wetu wa uandishi wa masoko alipoanza kazi aliniletea orodha ya maneno aliyotaka makala yake ya kwanza ipatikane nayo kwenye Google. La kwanza lilikuwa "Lamu", la pili "hoteli Lamu". Nilipomuuliza sababu akanijibu, "Ami, si ndiyo yanayotafutwa na watu wengi?"

Ni kweli yanatafutwa. Lakini anayeandika "Lamu" pekee huenda anataka ramani, au habari za kaunti, au historia ya mji ulioingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 2001. Nyumba ya wageni tunayoiandikia ina vyumba sita huko Langoni, mtaa wa mji wa Lamu. Hata tukionekana, tutakuwa tumemjibu nani?

Naamini neno la kuandikia makala litafutwe kwanza katika maswali ya mgeni, takwimu zifuate. Basi tukafungua ujumbe wa WhatsApp wa simu ya mapokezi. Swali moja lilijirudia: basi la Malindi linafika Lamu penyewe?

Sisi wa hapa hatuna swali hilo. Tunajua basi hupita Garsen na Witu, likaishia Mokowe upande wa bara, na kutoka hapo mtu anavuka kwa boti. Ndiyo maana mwanagenzi, mzaliwa wa hapa, alikipa rasimu yake kichwa "Kuvuka kutoka Mokowe". Nikamwambia, "Mwanangu, anayelijua neno Mokowe ameshajua nusu ya jibu." Mgeni huandika kwa maneno ya asiyejua. Ndege hutua kisiwa cha Manda, lakini yeye ataandika `lamu airport`. Neno lake liwe kwenye kichwa. Neno letu liwe ndani ya jibu.

Tukafungua dirisha la faragha la kivinjari, ili utafutaji wetu wa nyuma usitupotoshe, tukaandika "basi la Malindi Lamu" na kuyasoma matokeo yote ya ukurasa wa kwanza. Watu wengi huiruka hatua hii, nami naiona ndiyo kubwa kuliko zote. Ukurasa ukijaa wauza tiketi, Google imeshaona kwamba watafutaji wanataka kununua, na makala ya maelezo itasukumwa chini. Ukikuta watu wanaulizana njia, au majibu mafupi yasiyotaja boti, pana nafasi. Keyword Planner, zana ya Google ya kukadiria neno linatafutwa mara ngapi, ilituonyesha watafutaji wachache sana. Hilo halikunitisha: wageni sita wanaouliza njia wanatosha kuvijaza vyumba sita.

Kichwa tulichokubaliana ni hiki:

```html
<title>Basi la Malindi kwenda Lamu: linaishia Mokowe, kisha boti</title>
```

Hakizidi herufi 60, kwa hiyo aghalabu hakikatwi kwenye matokeo. Aya ya kwanza ikatoa jibu lilelile kwa sentensi mbili. Vichwa vidogo vikafuata mwendo wa msafiri: kushuka Mokowe, kupata boti, kufika gatini Lamu. Nauli tuliiweka ndani ya makala pamoja na tarehe ya kuihakiki, kwa sababu hubadilika na kichwa kikibaki na bei ya zamani humdanganya mtu.

Rasimu ya pili ikarudi na "basi la Malindi kwenda Lamu" mara 14. Alikuwa amesoma mahali kwamba kuna kiwango maalumu cha kurudia. Hakipo. Google huhesabu kujaza maneno kwa nguvu kuwa ni hila, na ile tagi ya zamani ya kuorodhesha maneno, `meta keywords`, Google ilitangaza mwaka 2009 kwamba haiitumii kupanga matokeo. Nikamwomba aisome makala kwa sauti mbele ya mama wa mapokezi. Alipofika mara ya nne mama akamkatiza, "Si ushasema hilo?" Zikabaki tatu.

Toleo la Kiingereza tuliliandika kwenye ukurasa wake peke yake. Kuchanganya lugha mbili katika ukurasa mmoja kunamchosha msomaji, na Google hushindwa kujua imwonyeshe nani.

Wiki kadhaa baadaye tulifungua Search Console, zana ya Google inayomwonyesha mwenye tovuti jinsi kurasa zake zinavyopatikana, sehemu ya maneno waliyoandika watu. Makala ikionekana mara nyingi katika nafasi za juu na haibonyezwi, mimi hukishuku kichwa kwanza. Isipoonekana kabisa, huenda Google haijauhifadhi ukurasa, au neno letu halitumiwi na mtu. Yetu ilikuwa inabonyezwa, ila palikuwa na neno tusilolitarajia: `lamu airport to shela`. Mwanagenzi alitaka kuongeza aya ndani ya makala ileile. Nilikataa, kwa kuwa wa ndege si wa basi. Sasa anaandika makala ya boti ya kutoka Manda hadi kijiji cha Shela, na jana alishinda gatini akiwauliza manahodha nauli ya usiku.