Mstari uliokosa mahali uacheni mtupu, msiubandike katikati ya mji

Niseme mapema ili tusizungushane. Ukiwa na orodha ya anwani za Mjini Unguja na unataka kila mstari uwe nukta kwenye ramani, mstari uliokosa mahali si hatari sana, hatari ni ule uliopata mahali pasipo pake, maana huo hautoi alama yoyote, umekaa tu kwenye ramani kama wenzake na kila mtu anauamini.

Chukulia orodha ya wateja wa duka la matangi ya maji, mistari kama mia sita, mwenye duka anataka kujua ghala la pili alijenge wapi. Kolamu ya anwani imeandikwa na watu tofauti kwa miaka: "Mpendae nyuma ya msikiti", "Kwerekwe sokoni", "Mombasa kwa Mchina", "Fuoni njia panda", "Kilimani", na wengine wameweka S.L.P. peke yake. Vibao vya namba za nyumba vimebandikwa sehemu nyingi tangu ile operesheni ya anwani za makazi ya 2022, lakini nani anaelekeza fundi kwa kibao? Ukiacha majumba ya Michenzani, ambayo kweli watu wanayataja kwa namba, sisi tunaelekezana kwa mtaa, msikiti, skuli, na duka la fulani.

Sasa ukiipeleka orodha hiyo Nominatim, ile huduma ya OpenStreetMap ya kutafutia mahali kwa jina, hivi hivi, Mombasa inakwenda Kenya, Malindi inakwenda Kenya, Kariakoo na Magomeni zinakwenda Dar. Yote hayo ni majina ya mitaa yetu ya mjini, na huko nje majina hayo hayo ni ya sehemu kubwa zaidi kwa hiyo ndo zinazotangulia kwenye majibu. Wengi wanaweka nchi tu, wanaridhika. Nchi inakuondolea Mombasa na Malindi ya Kenya lakini Kariakoo ya Dar inabaki pale pale. Inabidi umfungie ndani ya kisiwa khasa:

```
https://nominatim.openstreetmap.org/search?q=Kariakoo&format=jsonv2&countrycodes=tz&viewbox=39.1,-5.7,39.6,-6.5&bounded=1
```

Hiyo `viewbox` inaizunguka Unguja, na `bounded=1` ndo inayokataza jibu la nje, bila yake kisanduku kinakuwa pendekezo tu. (Na seva yao ya bure mwisho ombi moja kwa sekunde, tuheshimu, ni ya watu wote.) Pemba ipange peke yake na kisanduku chake, usichanganye.

Lakini hata ndani ya kisiwa mambo hayajesha. Kilimani ipo mjini, na Kilimani nyengine ipo Kaskazini A. Mchangani ipo mjini na Pwani Mchangani ipo kule pwani ya mashariki. Jina limefanana herufi kwa herufi, au limo zima ndani ya jengine, na bado nukta inaweza kuwa mbali kabisa na mteja.

Hapo ndo watu wanakimbilia kulinganisha majina kwa alama za kufanana, na hapa sikubaliani nao kabisa. Wanaweka kikomo, tuseme 85 kwa 100, kila kilicho juu kinapita kila kilicho chini kinakataliwa. Jaribu mwenyewe na `fuzz.ratio` ya rapidfuzz, maktaba ya Python ya kulinganisha maneno, herufi ndogo zote. "kwerekwe" na "mwanakwerekwe", ambayo kila mtu hapa anajua ni pamoja, inapata 76. "mkwerekwe" inapata 82. Halafu "kibweni" na "kibeni" inapata 92, na hizo ni sehemu mbili mbali mbali, Kibweni iko hapa njia ya Bububu na Kibeni iko Kaskazini A. Kwa hiyo lililo kweli liko chini na la uongo liko juu, hakuna kikomo chochote utakachoweka kikazitenganisha. Ukishusha unaingiza Kibeni, ukipandisha unapoteza Kwerekwe na Kibeni bado imo.

Dawa yake ni jadweli ya majina unayoiandika kwa mkono, upande mmoja jina kama lilivyoandikwa, upande wa pili shehia au mtaa uliokusudiwa. Inaonekana kazi kubwa lakini sivyo, kwa sababu husomi mstari mmoja mmoja. Kwanza safisha: herufi ndogo, toa nafasi za ziada, zile alama za Jang'ombe zifanye moja (kuna wanaoandika na ’ kuna ' kuna wasioweka kitu), muembe na mwembe chagua moja. Kisha yaliyobaki bila mahali yapange kwa makundi, `eneo_safi` ni hilo jina lililosafishwa na `ngazi` ni kolamu nitakayoieleza hapo chini:

```python
kundi = (df[df["ngazi"] == "hakuna"]
         .groupby("eneo_safi").size()
         .sort_values(ascending=False))
```

Utaona majina machache ya juu yamebeba mistari mingi sana. Hayo ukakae na dereva wa duka anayepeleka matangi, maana yeye kila siku yuko njiani, "kwa Mchina" anaijua na "njia panda" ya Fuoni anaijua ipi, na akikwama unampigia mteja, namba ya simu imo kwenye orodha hiyo hiyo. Masheha nao wanajua mipaka ya shehia zao kuliko faili lolote. Alama ya kufanana itumie kukupa mapendekezo tu, anayekubali awe mtu.

Kitu chengine ambacho bila hicho mimi siipokei kazi ya mtu: kolamu ya ngazi. Kila nukta iseme imepatikana kwa kiwango gani, jengo, alama ya mtaani kama msikiti au skuli, mtaa, shehia, au hakuna. Mtu akiandika "Fuoni" basi, usimchagulie Fuoni Kibondeni kwa kuwa ndo ya mwanzo kwenye orodha yako, huyo ngazi yake ni eneo la Fuoni kwa ujumla na anaishia hapo. Bila ya kolamu hii wateja wote wa Mpendae wanarundikana kwenye nukta moja ya katikati ya Mpendae, na mtu anayetazama ramani anadhani pale pana soko la ajabu. Kulijua hilo ni rahisi, hesabu latitudo na longitudo zinazojirudia, ukikuta pahala pamoja pana watu hamsini, hapo hakuna jengo, ni kitovu tu.

Na mistari iliyoshindikana kabisa? Isifutwe. Hii ndo ninayogombana nayo zaidi, kwa sababu mistari inayoshindikana haitoki kila pahala sawa sawa. Mji Mkongwe umechorwa vizuri, vichochoro vina majina, misikiti ina majina, mteja wa Kiponda au Mkunazini anapatikana mara moja. Mteja wa Kwarara au Chuini kwenye nyumba mpya iliyojengwa juzi, ambako picha za droni zinaonesha mapaa lakini njia haina jina, huyo ndo anayeanguka. Ukiwafuta, ramani nzima inavutwa magharibi kuelekea mjini na mwenye duka anajenga ghala karibu na watu ambao mabomba yao tayari yana maji, na wale wanaonunua matangi kweli wako huko Kwarara na Chuini.

Kwa hiyo kwenye ripoti weka jadweli ya shehia, wangapi wamepatikana kwa jengo, wangapi kwa mtaa tu, na chini kabisa mstari wa "hawajapatikana" pamoja na maeneo waliyoyaandika wenyewe, hata kama ni neno "Kwarara" tupu. Neno hilo halitoshi kuweka nukta lakini linatosha kumuhesabu mtu upande wake. Wa S.L.P. wao wabaki bila kitu, sanduku la posta linaonesha barua inachukuliwa wapi, halioneshi tangi limewekwa wapi, na wale usiwagawe kwenye shehia kwa makisio, waandike idadi yao na mwenye duka awaone.