Salari slipu inayojumlika bado inaweza kukupunja

Wafanyakazi wengi huikagua salari slipu kwa hesabu moja tu: mshahara ghafi, toa makato, baki ilingane na kilichoingia benki. Ikilingana, wanaridhika. Naona hapo tunajidhulumu, kwa sababu hesabu hiyo inaonyesha tu kwamba karatasi imejumlishwa vizuri. Haionyeshi kama makato yenyewe ni sahihi.

Chukua mfanyakazi wa kampuni binafsi Tanzania Bara aliyekutumia picha ya slipu yake. Mshahara wa msingi ni 900,000, posho ya nyumba 100,000, kwa hiyo ghafi ni 1,000,000. Makato ni NSSF 100,000, bodi ya mikopo 135,000 na PAYE. Jumla ya makato imeandikwa 338,000, na cha mkononi 662,000. Lakini kwenye PAYE karatasi ilikunjwa, huoni kama ni 103,000 au 108,000. Usikisie. Toa 100,000 na 135,000 kwenye 338,000, inabaki 103,000.

Kama hesabu inagoma kabisa, angalia umesoma safu gani. Slipu nyingi zina safu ya mwezi huu na nyingine ya jumla tangu mwaka uanze, na picha iliyopigwa kimshazari huhamisha jicho kirahisi. Angalia pia kama hukujumlisha mchango wa NSSF wa mwajiri. Huo huonyeshwa tu, hautoki kwenye mshahara wako.

Sasa ndiyo kazi yenyewe. PAYE hukokotolewa baada ya kutoa mchango wa NSSF wa mfanyakazi, hivyo kiasi kinachotozwa kodi hapa ni 900,000. Mkopo wa elimu ya juu hautolewi kwanza, hata kama umekatwa kwenye slipu hiyohiyo. Kwa jedwali la TRA, anayeangukia kati ya 760,000 na 1,000,000 hulipa 68,000, pamoja na asilimia 25 ya kinachozidi 760,000. Kilichozidi ni 140,000, robo yake 35,000, jumla 103,000. Slipu hii ni safi.

Lakini tuseme PAYE ingesomeka 128,000. Makato yangekuwa 363,000, mkononi 637,000, na benki ingeingia 637,000 hiyohiyo. Kila kitu kingejumlika bila kasoro, ilhali kodi imepigwa kwenye milioni nzima kana kwamba NSSF haikukatwa. Ni 25,000 kila mwezi, 300,000 kwa mwaka, na kwa kutoa na kujumlisha peke yake hungeiona kamwe.

Kwa hiyo anayekutumia picha mwambie aitume karatasi nzima, afunike jina na namba ya akaunti tu. Wengi hukata picha wakabakiza mstari wa mwisho, na hapo hakuna cha kukagua. Kisha, kodi ikikataa kulingana, aende kwa mhasibu na swali moja: PAYE hii mmeikokotoa kwenye kiasi gani?