Msimbo umekubali, televisheni imekataa

Televisheni iliyo mbali na nyumbani inaonyesha msimbo wa kuingia Netflix, huduma ya kutazama filamu kwa intaneti. Mwenye akaunti anauandika kwenye simu yake, televisheni inafunguka na majina ya wanafamilia yanajipanga kwenye skrini. Unachagua filamu, unabonyeza, na hapo unaambiwa kwamba kifaa hiki si sehemu ya kaya ya akaunti hii. Wengi hudhani msimbo umeharibika, wakaomba mwingine, na mwingine tena. Msimbo haukuwa na kasoro yoyote. Ulithibitisha wewe ni nani, na kazi yake ikaishia hapo. Swali lililokuja baadaye lilikuwa uko wapi.

Chukua mfano wa binti anayesoma mbali na kwao, mwenye televisheni ndogo bwenini. Akaunti ya Netflix ni ya mama yake. Televisheni inatoa msimbo wa tarakimu nane, binti anampigia mama, na mama akiwa sebuleni anaufungulia netflix.com/tv8 na kuuandika. Simu ya mama iko kwenye waifai ya nyumbani, kwa hiyo wote wawili wanaamini kwamba televisheni ya bwenini sasa inahesabiwa ya nyumbani. Lakini mtandao wa simu iliyoandika msimbo hauhamii kwenye televisheni. Simu imetoa ruhusa tu. Televisheni ndiyo inayoomba filamu, na inaiomba kupitia ruta ya bwenini, yenye anwani ya IP, yaani namba inayoitambulisha intaneti ya pale, ambayo akaunti haiijui.

Kaya, kwa maana ya Netflix, ni vifaa vinavyotumia intaneti ya mahali anapoishi mwenye akaunti, na kwa kawaida huwekwa kupitia televisheni ya pale. Kampuni inasema inatumia anwani za IP, vitambulisho vya vifaa na mwenendo wa akaunti kuitambua kaya hiyo, na kwamba haitumii GPS. Maana yake, hakuna anayejua mtaa wala mlango wako. Wanachokiona ni ruta, na kutokana nayo wanakisia nyumba.

Turudi bwenini. Ujumbe wa kukataa huja na njia za kutokea, na mbili kati yake zinafanana machoni lakini matokeo yake yako mbali kabisa. Moja ni kutazama kwa muda, kama msafiri. Hapo msimbo wa pili, usiohusiana na ule wa kwanza, unatumwa kwa baruapepe au simu ya mwenye akaunti, na unakufa baada ya dakika 15. Kama mama yuko kazini au amelala, dakika hizo zinapita bure. Kama binti ameomba mara kadhaa kwa haraka, baruapepe zinarundikana na mama anaweza kumsomea msimbo wa zamani. Njia nyingine ni kubadilisha kaya. Ukiichagua na mama akaithibitisha, bweni linakuwa ndiyo kaya, na jioni televisheni ya sebuleni inaanza kumkatalia mwenye kulipa. Kosa hili linafanyika sana, maana neno la kubadilisha linasikika kama kusasisha tu taarifa.

Kuna pia kisa cha tatu ambacho watu hukichanganya na hivi viwili. Baadhi ya televisheni hukuruhusu kuingia kwa kutumia programu iliyo kwenye simu, bila kuandika chochote. Njia hiyo hutaka simu na televisheni zionane ndani ya waifai moja. Simu ikiwa kwenye data ya laini na televisheni kwenye waifai, hazionani. Kwenye waifai za hoteli na mabweni, mara nyingi mtandao umepangwa makusudi ili kifaa cha mgeni mmoja kisione cha mwingine, na hapo hata zikiwa waifai moja hazitaonana. Basi tazama zinakwama wapi. Televisheni isipoiona simu, tatizo ni la mtandao wa pale pale. Ikisema msimbo si sahihi au umeisha muda, tatizo ni tarakimu zilizokosewa au muda uliopita. Ikishaonyesha majina ya wanafamilia kisha ikataja kaya, tatizo ni mahali, na msimbo wa kuingia hata uombwe mara ngapi hautalitatua.

Je, kampuni zina haki? Kwa upande wa biashara, siwezi kuzilaumu sana. Katika barua kwa wanahisa ya Aprili 2022, Netflix ilikadiria kwamba zaidi ya kaya milioni 100 zilikuwa zikitazama kwa nywila za watu wengine, wakati kaya zilizolipa zilikuwa takriban milioni 222. Katika robo ya kwanza ya mwaka huo ilikuwa imepoteza wateja laki mbili. Mei 2023 utaratibu wa kaya ukaenea katika nchi zaidi ya 100, na mwisho wa mwaka huo wateja walikuwa wamefika takriban milioni 260. Siwezi kusema ongezeko lote lilitokana na kaya, ila Disney+ nayo ilifuata njia hiyo mwaka 2024. Ni kweli kwamba mwaka 2017 Netflix yenyewe iliandika kwenye Twita kuwa upendo ni kupeana nywila, na wateja hawajaisahau. Lakini mkataba wa kuuzia kaya moja ni mkataba unaoeleweka, na anayelipa peke yake ana sababu ya kuuliza kwa nini alipie na wengine.

Shida yangu iko kwenye kipimo. Anwani ya IP ni kielelezo dhaifu cha nyumba. Watoa huduma wengi wa intaneti huwapa wateja wengi anwani moja ya nje kwa pamoja, na huibadilisha wanapotaka. Familia inayotumia hotspoti ya simu huondoka na mtandao wake kila simu inapotoka nyumbani. VPN ikiwashwa kwenye ruta, nyumba nzima inaonekana iko kwingine. Ndiyo maana mtu aliyeketi sebuleni kwake anaweza kukataliwa. Dawa yake ni kuzima VPN, kuunganisha televisheni zote kwenye ruta moja, kisha kuthibitisha kaya upya kutoka televisheni ya hapo. Wakati huo huo, jirani mwenye urafiki wa karibu na mwenye akaunti anaomba msimbo wa muda kwa simu na kuendelea kutazama. Ukaguzi unamsumbua zaidi mtu ambaye mwenye akaunti wake hapatikani kirahisi, awe mwanafamilia halali au la.

Suluhisho linalouzwa ni mwanachama wa ziada: mtu aliye nje ya kaya anapata nywila yake, na mwenye akaunti analipa nyongeza. Kwa yule binti, hili linafaa kuliko kuombana misimbo kila mara. Lina mipaka yake, hata hivyo. Halipatikani kila nchi, mwanachama huyo hutazama kwenye kifaa kimoja kwa wakati, na sharti awe nchi moja na mwenye akaunti. Akihamia chuo cha ng'ambo, mlango huo unafungwa, na kinachobaki ni msimbo wa muda au akaunti yake mwenyewe. Mzazi mwenye nyumba mbili naye hapati nafuu, kwa sababu yeye hahitaji mtu wa pili. Anahitaji mahali pa pili, na kaya huruhusu mahali pamoja tu. Kumruhusu asajili nyumba ya pili kwa gharama ndogo kungegusa hasa tatizo lake, tena bila kuwafungulia mlango marafiki wa mbali, kwani nyumba hiyo ingekuwa moja na inayojulikana.